Kabla ya Kumpeleka Marekani, Mpitishe Kigoma

Ndugu mwenyekiti, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi, asalaam aleikum, na habari za asubuhi kwenu nyote.

Nilipoalikwa hapa niliambiwa nizungumzie maswali ya watoto, kwa kuwa nimefundisha jiografia mpaka nikastaafu. Nikasema maswali yote siyawezi, nipeni moja. Nilichagua hili kwa sababu liliniaibisha ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mbele ya mjukuu wa miaka sita.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Januari, saa tatu asubuhi. Tumekaa barazani tunakunywa chai, simu ikalia, ni binti yangu anayeishi Seattle, upande wa magharibi kabisa wa Marekani. Kwa huyu mjukuu ni shangazi yake. Mtoto akaishika simu, akaangalia kioo, akaona dirisha lililo nyuma ya shangazi yake limekuwa jeusi tii. Shangazi amevaa nguo za kulalia, anapiga miayo. Kule ilikuwa saa nne usiku, tena ya Ijumaa. Mtoto akainua uso akaliangalia jua letu, akarudi kwenye simu, akaniuliza: "Bibi, mbona kwa shangazi ni usiku?"

Nikajibu kama mwalimu. Nikamwambia, "Kwa sababu dunia ni duara, mjukuu wangu, na inazunguka." Akaitikia, "Ahaa." Nikaona nimemaliza kazi.

Jioni yake akaja na karatasi, amechora. Chini kuna mstari ulionyooka, juu ya mstari kuna nyumba na mwembe na kuku. Juu angani kuna jua lenye miale, na pembeni ya jua kuna mpira mkubwa aliopaka rangi ya buluu. Nikamuuliza huu mpira ni nini. Akasema, "Dunia." Nikamuuliza, na hapa penye nyumba? Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mzee. "Hapa ni Mbagala, bibi."

Mnacheka, lakini mtoto yule hakukosea kitu. Alinisikia vizuri nikisema dunia ni duara, na macho yake yanamwambia kuwa uwanja wa nyumbani ni tambarare. Ameamini vyote viwili, akavitafutia kila kimoja nafasi yake kwenye karatasi. Na hayuko peke yake. Mwaka 1992 watafiti wawili, Stella Vosniadou na William Brewer, walichapisha kazi waliyoifanya kwa kuwahoji watoto 60 wa shule ya msingi huko Illinois, Marekani. Wengi wa watoto wale walijua kusema dunia ni duara. Lakini walipoulizwa zaidi, wapo waliosema ziko dunia mbili, moja ya duara iko angani na nyingine bapa ndiyo tunayokaa. Wapo waliosema dunia ni duara lakini ina uwazi ndani, na sisi tunaishi humo ndani juu ya sakafu. Wenzetu wana vitabu vya picha na tufe darasani, na bado ikawa hivyo. Kwa hiyo mtoto wako akikariri "dunia ni duara inazunguka", usipige makofi bado. Mpe karatasi na penseli kwanza, umwambie achore na aoneshe yeye amesimama wapi.

Basi nikakaa nikajiuliza, mimi mwenyewe jambo hili lilianza kuniingia lini? Nikakumbuka halikuniingia darasani. Liliniingia Ujiji, mwezi wa Ramadhani.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, pale Kigoma. Anayepajua anajua kuwa ukisimama ufukweni jioni, ziwa Tanganyika liko mbele yako upande wa magharibi, na ng'ambo kuna safu ya milima ya Kongo. Jua linashuka nyuma ya milima ile. Utotoni tulikuwa na jawabu letu: jua linakwenda kulala Kongo. Asubuhi likitokea mashariki, nyuma ya vilima vyetu, tukisema limepita chini chini usiku kucha, kimya kimya, watu wasilione.

Sasa, marehemu baba alikuwa na redio. Mwaka ule kaka yangu alikuwa ndiyo kwanza anaanza kufunga. Siku ya tatu au ya nne redio ikatoa adhana ya Magharibi kutoka Dar es Salaam. Kaka akanyakua tende. Baba akamshika mkono tende iko mdomoni, akamwambia: "Tema. Hiyo ni Magharibi ya Dar. Yetu bado." Akamtoa nje akamwonesha: jua lile pale, limesimama juu ya milima ya Kongo, jekundu, zima. Kaka akalia. Mimi sikulia kwa sababu nilikuwa sifungi, lakini nilibaki na swali. Redio haisemi uongo, na jua ninaliona. Sasa Dar jua limekuchwa, na hapa halijakuchwa, na jua ni moja. Inakuwaje?

Ndugu zangu, swali la mjukuu wangu ni hilo hilo la tende, limekuzwa tu. Ndiyo maana leo nawaambieni, mtoto akiuliza habari za Marekani, msikimbilie Marekani. Mpitisheni Kigoma kwanza, au popote pale magharibi mnapokuwa na ndugu mwenye simu.

Mimi nilifanya hivyo. Nikangoja mwezi wa saba, jua la Dar linapozama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Ilipofika kumi na mbili na nusu, taa za nje zimeshawashwa, nikampigia mdogo wangu aliyeko Ujiji, nikamwambia shuka ufukweni utuoneshe ziwa. Mjukuu akaona mtumbwi, akaona watoto wanaoga, na akaona jua bado liko juu ya milima. Nikamwambia mdogo wangu anyooshe mkono mbele, aweke vidole kati ya jua na milima, vikaingia vitatu na nafasi kidogo. Mtoto akageuka kuangalia mbingu yetu ya Mbagala iliyokwisha kuwa ya kijivu. Hakusema kitu. Tukaacha simu wazi, bando langu likaisha pale pale nikaongeza jingine, mpaka na kule likazama. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa moja.

Kutoka Dar mpaka Kigoma, ukipita angani, ni karibu kilomita 1,100. Tofauti ya jua ni kama dakika 39, inaongezeka au kupungua dakika chache kufuatana na majira. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuigawanya njia hiyo kwenye stesheni za reli ya kati, na nawasihi wenye watoto wa umri huo mfanye nao. Jua likishazama Dar, Morogoro wanabaki nalo dakika sita hivi. Dodoma dakika 14. Tabora dakika 26. Kigoma 39. Huku kwetu karibu na ikweta, kila ukienda magharibi kilomita 28, jua linakuchelewea dakika moja. Mtu aliyeko Kibaha ana jua dakika moja zaidi kuliko mtu aliyeko Posta, na wala hajui.

Hapo ndipo mtoto anapokuuliza mwenyewe, na usimtangulie: "Na tukiendelea mbele ya Kigoma?" Tukiendelea tunavuka ziwa, tunaikata Kongo yote, tunaingia bahari ya Atlantiki, tunaipita, tunaikuta Amerika, tunakwenda mpaka ukingo wake wa mwisho. Dakika zinajikusanya njiani. Dakika 39 zimekuwa saa moja, saa moja zimekuwa saa tano, na tukifika Seattle jua limechelewa saa 10 na dakika 46. Yaani jua linalozama hapa jioni, kule bado halijamaliza asubuhi. Na linalochomoza hapa, kule ndiyo kwanza linawaaga au limeshawaacha. Hakuna mahali njiani palipo na ukuta kati ya usiku na mchana. Ni kuchelewa tu, kidogo kidogo, kama deni la dukani.

Sasa mtoto ameshakubali kwamba jua linachelewa. Hajajua kwa nini. Hapo ndipo utoe taa.

Kwa mtoto mdogo msianze na chungwa wala tufe. Mtumieni yeye mwenyewe. Mimi niliweka simu imewashwa tochi juu ya stuli, usawa wa uso wake, nikazima taa za chumba. Nikamsimamisha hatua mbili tatu mbele ya stuli. Nikamwambia: kichwa chako leo ndiyo dunia, pua yako ndiyo Dar es Salaam, shavu lako la kulia hapa karibu na pua ndiyo Kigoma. Nikachukua kikaratasi nikakibandika kisogoni kwake. Huyo ni shangazi. Kisha nikamwambia ageuke polepole, kwa kushoto, bila kuangalia chini.

Akaanza akiwa ameupa mwanga mgongo, pua iko gizani. Akageuka. Mwanga ukaanza kumwingia kwa kona ya jicho la kushoto, ukaja, ukafika mbele ya pua, ukaendelea kuelekea kulia, ukaishia nyuma ya sikio. Akapiga kelele: "Bibi, tochi imetembea!" Nikamwambia rudia, lakini safari hii shika stuli kwa mkono uone kama inatembea. Akarudia, akaishika, akanyamaza. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi."

Nikamsimamisha mwanga ukiwa usoni. Nikamuuliza, Dar ni saa ngapi? Akasema mchana. Na shangazi? Akapeleka mkono kisogoni, akagusa kile kikaratasi, akasema, "Kuna giza huku." Basi. Sikuongeza neno.

Nimeifanya hii kwa watoto wengi, na inaharibika kwa njia zile zile. Ya kwanza, mzazi anashika tochi mkononi na kumzungushia mtoto. Mtoto anaona usiku na mchana vizuri kabisa, na anaondoka amejifunza kuwa jua linaizunguka dunia. Tochi iwekwe juu ya kitu, mkono utoke. Ya pili, tochi inakaa karibu mno. Ikiwa karibu inamulika kipande kidogo cha uso, wakati jua linamulika nusu nzima ya dunia. Isogezeni mbali. Ya tatu ndiyo inayowapata hata walimu: kugeuka upande usio wake. Mtoto akigeukia kulia, usiku na mchana vinakuja kama kawaida, kila mtu anafurahi, lakini jua litachomoza magharibi. Utalitambua hilo kwa Kigoma. Mwanga ufike puani kabla ya kufika shavu la kulia. Shavu likitangulia, mmemgeuza vibaya, na mtoto aliyeliona jua la Ujiji kwenye simu atakushika.

Na kuna swali litakalofuata, jiandaeni nalo: "Basi shangazi amesimama kichwa chini miguu juu?" Hapa sasa chukua chungwa. Chomeka pini nne tano kila upande, vichwa vya pini viwe nje. Muulize kila pini miguu yake inaelekea wapi. Zote zinaelekea kwenye mbegu. Chini ni huko kwenye mbegu, kwa kila mtu. Shangazi akidondosha kijiko nacho kinaelekea mbeguni, kama cha kwetu. Mtoto wa miaka sita atakubali, au atajifanya amekubali. Msimlazimishe. Hili linakomaa taratibu.

Niruhusuni kidogo niseme habari ya saa ya ukutani, kwa sababu inawachanganya watu wazima kuliko watoto. Jua ni kitu kimoja na saa ni kitu kingine. Jua linachelewa dakika kwa dakika, lakini nchi haziwezi kuishi hivyo. Morogoro ingekuwa na saa yake na Dodoma yake, mabasi yangeondokaje? Kwa hiyo nchi zinakubaliana kushika saa moja kwa eneo kubwa. Tanzania, Kenya na Uganda tunashika saa ya mstari wa nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haupiti hata katika nchi moja kati ya hizo tatu. Unapita Somalia, karibu na Mogadishu. Ndiyo maana Dar jua haliwi utosini saa sita kamili bali dakika 20 na kitu baadaye, na Kigoma adhuhuri inaingia kama saa saba. Sasa Bujumbura iko karibu juu ya mstari ule ule wa Kigoma, jua lao ni letu, lakini Burundi wanashika saa iliyo nyuma yetu kwa saa moja nzima. Kalemie, ng'ambo ya ziwa, vilevile. Jua likizama nyuma ya milima, Kigoma wanasema saa moja, Bujumbura wanasema saa kumi na mbili, na wote wanaangalia jua lile lile. Wafanyabiashara wa ziwani wanalijua hili vizuri. Wakipanga safari lazima waulizane, saa yenu au saa yetu?

Nimelisema hili kwa sababu wapo wazazi wanaomjibu mtoto hivi: "Kule ni usiku kwa sababu wametofautiana na sisi saa 11." Hilo si jibu. Ni sawa na kusema mtoto ana homa kwa sababu kipimajoto kimepanda. Usiku umekuja kwanza, saa ikapangwa kuufuata.

Sasa niwasimulie nilivyoumbuka mara ya pili. Mwaka ukasonga, tukafika tena mwezi wa sita. Jumapili, saa moja asubuhi, jua la Dar limetoka kama nusu saa hivi. Shangazi akapiga. Mjukuu, ambaye sasa ni mtaalamu, akaniambia kabla hajaipokea: "Kwa shangazi ni usiku." Simu ikafunguka, na nyuma ya shangazi kuna dirisha, na dirishani kuna jua. Jua kabisa, la manjano, linampiga shavuni. Mtoto akasema, "Shangazi, kwako saa ngapi?" Akajibiwa, "Saa tatu usiku, mwanangu. Jumamosi." Mjukuu akanigeukia na macho yale. Saa tatu usiku, na jua linawaka?

Nikamwambia shangazi yake atusubiri kidogo, nikaenda jikoni kuchukua chungwa na kijiti cha mshikaki.

Hili ndilo jambo ambalo kichwa cha mtoto hakiwezi kulionesha, kwa sababu amesimama wima. Dunia haikusimama wima. Mhimili wake, yaani ule mstari inaouzungukia, umelala kidogo, nyuzi 23 na nusu. Pitisha kijiti kwenye chungwa kutoka kwenye kikonyo mpaka chini, kikonyo kiwe juu, ndiyo kaskazini. Chomeka pini ya Dar nusu sentimita chini ya mstari wa katikati. Pini ya Seattle ipeleke karibu upande wa pili kabisa wa chungwa, na ipandishe juu, zaidi kidogo ya nusu ya njia kati ya mstari wa katikati na kikonyo. Sasa kilaze kijiti, kikonyo kiinamie taa. Huo ni mwezi wa sita. Zungusha polepole, upande unaoutazama uende kutoka kushoto kwenda kulia, kijiti kisibadili mlalo wake. Itazame pini ya Seattle. Inaingia kwenye mwanga mapema, inakaa, inakaa, inatoka imechelewa. Katika mzunguko mzima inakaa gizani theluthi moja tu. Mwezi wa sita Seattle wana karibu saa 16 za jua. Ndiyo maana jua letu linachomoza Dar na wao bado hawajaliaga lao. Kwa muda mfupi nyumba zote mbili zina mchana. Kisha kigeuze kijiti, kikonyo kiikimbie taa, iwe mwezi wa 12. Pini ile ile inachungulia mwangani kwa muda wa saa nane na nusu hivi na kurudi gizani, basi. Mwezi huo kuna saa kadhaa za alfajiri yetu ambapo Dar na Seattle kote ni giza.

Na pini ya Dar? Iko karibu na katikati, haijali kijiti kimelala vipi. Siku yetu ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote hazipishani hata saa moja.

Hapa nina neno la pembeni juu ya lugha yetu, mnisamehe. Wazee wetu walianza kuhesabu saa jua linapochomoza na linapokuchwa. Jua likitoka, baada ya muda ni saa moja. Likizama, baada ya muda ni saa moja tena. Hesabu hiyo inafaa hapa kwa sababu jua la hapa ni mwaminifu mwaka mzima. Ukiichukua ukaipeleka Seattle, inapwaya. Binti yangu anasema "saa tatu usiku" amevaa miwani ya jua. Mwezi wa 12 anasema "saa moja asubuhi" na anawasha taa za gari, jua bado karibu saa nzima lichomoze. Mtoto aliyezaliwa kule akafundishwa Kiswahili na mama yake anaweza kuuliza swali la kinyume: bibi, kwa nini huu mnauita usiku? Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka siku ile ya chungwa. Na kama mna ndugu kule, kumbukeni mwezi wa tatu wanasogeza saa zao mbele na mwezi wa 11 wanazirudisha. Ndiyo maana Januari tunapishana nao saa 11 na Juni saa 10. Msije mkamwamsha mtu.

Nimalizie na swali la wakubwa, la darasa la saba na kuendelea. Wiki iliyopita kijana mmoja jirani aliniona na tochi na stuli, akasimama, akasema: "Bibi mwalimu, ungeizungusha tochi mtoto akasimama, si angeona vile vile? Umejuaje ni dunia?" Nilitaka kumkumbatia. Kwa sababu ni kweli, angeona vile vile. Usiku na mchana, peke yake, haviwezi kukuambia nani anazunguka. Watu wenye akili timamu waliishi maelfu ya miaka wakiamini ni jua, na hakuna adhana iliyochelewa kwa ajili hiyo.

Nikamweleza habari ya Mfaransa Léon Foucault. Mwaka 1851, mjini Paris, ndani ya jengo la Panthéon, alining'iniza tufe zito la kilo 28 kwa waya wa mita 67, akaliachia libembee. Kitu kinachobembea kikiachwa bila kusukumwa hushika njia ile ile, kwenda na kurudi. Watu wakasimama wakaangalia, na njia ya tufe ikaanza kugeuka juu ya sakafu, kidogo kidogo. Hakuna aliyeligusa. Sakafu ndiyo iliyokuwa inageuka chini yake, na jengo, na wao wenyewe. Pale Paris mzunguko wake unachukua kama saa 32. Kijana akaniuliza kama tunaweza kufanya hapa kwetu. Tunaweza, ila sisi tuko karibu na ikweta, na kadiri unavyoikaribia ikweta ndivyo njia inavyogeuka polepole. Kwa Dar es Salaam ingechukua zaidi ya siku nane kumaliza mzunguko mmoja. Akasema atatafuta waya. Sijui atautundika wapi, lakini mwembe wangu nimemkatalia.

Mimi niishie hapo. Machungwa yapo kwenye kikapu pale mlangoni, vijiti na pini ziko kwa mwalimu wa zamu. Kila mzazi achukue chungwa moja na pini tatu, na atakayelila chungwa lake usiku huu achomoe pini kwanza, azihesabu zitimie.